Karata ambayo bado iko humo

Tulishinda. Binamu yangu akapiga meza kwa kiganja, fundi cherehani wa nyumba ya pili akasimama kujinyoosha, na mimi nikaanza kukusanya vifuniko vya bluu vilivyotapakaa juu ya ramani ya mchezo wa mezani ninaoutengeneza. Mama mdogo alikuwa tayari anajifunga mtandio. Safari ya Mabwepande ni ndefu, na jioni daladala zinajaa.

Nikamuuliza, "Umeuonaje mchezo, Mama mdogo?"

"Mzuri, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa nasogeza tu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja kazi aliyopewa na akaimaliza. Nikamsindikiza kituoni, nikarudi, nikakaa mbele ya meza ile hadi taa za jirani zikazimwa.

Wiki tano zimepita. Sentensi ile haijanitoka.

## Aliyenipa wazo lenyewe

Mchezo ni wa watu wanne upande mmoja. Hakuna anayeshindana na mwenzake. Wote wanashindana na maji. Ramani ina mitaa 24 ya bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, na vijito vyake, kuanzia juu Pugu, kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, hadi mto unapoingia baharini pale Daraja la Salenda. Kila mtaa una karata yake moja kwenye fungu lililofunikwa. Karata ikifunuliwa, mtaa huo unaongezewa kifuniko kimoja cha bluu, vile vya chupa za maji. Mtaa unabeba vitatu. Cha nne hakipati nafasi, maji yanafurika na kila mtaa jirani unapata kifuniko. Mafuriko sita, mmeshindwa. Mkimaliza kazi nne za kuzibua na kujenga mitaro kabla siku 12, yaani raundi 12, hazijaisha, mmeshinda.

Toleo la kwanza halikuwa na uhai wowote, na ilinichukua muda kujua sababu. Nilichanga karata zote 24, tukawa tunafunua mbili kila raundi. Hesabu yake ni rahisi na inasikitisha: karata ikishafunuliwa, hairudi mpaka nyingine zote zitoke. Raundi 12, karata 24, kila mtaa unapata kifuniko kimoja tu mchezo mzima. Maji yanasambaa kila mahali na hayamtishi mtu yeyote.

Nikabadilisha. Kila baada ya kufunua, karata zinarudishwa na fungu linachangwa upya. Sasa mtaa uleule uliweza kutoka mara tatu mfululizo, na kweli watu walishtuka. Lakini walishtuka kama anayeshtushwa na honi nyuma yake. Hakuna aliyeweza kusema "naogopa pale" na kutoa sababu, maana kila raundi mitaa yote 24 ilikuwa sawa. Wakaacha kupanga. Wakawa wanasubiri tu.

Mama mdogo alikuwa amekuja kutusalimia siku hizo, akaniona nikichora. Yeye aliishi Jangwani hadi mafuriko ya Desemba 2011, na ni miongoni mwa waliogawiwa viwanja Mabwepande baada ya pale. Aliangalia nikichanga fungu, akaniuliza kwa nini nayachanganya yote.

"Maji hayaanzi upya kila siku," akasema. "Yakishaijua nyumba, yanarudi."

Hapo ndipo fungu langu lilipopata kumbukumbu.

## Mvua kubwa

Njia ya kulipatia fungu kumbukumbu sikuibuni mimi. Imo kwenye Pandemic, mchezo wa mezani wa Matt Leacock uliotoka mwaka 2008, na waliowahi kuucheza wataitambua. Karata zilizokwisha kufunuliwa zinawekwa pembeni. Ikitokea karata ya mvua kubwa, hizo za pembeni peke yake zinachangwa, kisha zinarudishwa juu ya fungu. Hazichanganywi na zilizobaki. Mitaa iliyolowa ndiyo inayokaa juu tayari kulowa tena, na mitaa mikavu inabaki chini.

Kuna jambo jingine dogo kwenye mvua kubwa. Kabla ya kuchanga, unavuta karata ya chini kabisa ya fungu na mtaa wake unapewa vifuniko vitatu papo hapo. Kwa hiyo kila mvua kubwa inafungua jeraha moja jipya, halafu inarudi kwenye yale ya zamani.

Ngoja niwaonyeshe Kigogo ya mchezo ule tulioshinda, kwa sababu hapa ndipo penye mchezo wote.

Mwanzoni tunafunua karata sita kuandaa ramani, na Kigogo ilitoka ya kwanza. Ikapewa vifuniko vitatu. Imejaa. Ukiitazama ramani, macho yanakwenda Kigogo moja kwa moja, na moyo unakuambia uanze kutoa maji pale. Lakini karata ya Kigogo iko pembeni, haimo ndani ya fungu. Mpaka mvua kubwa itokee, Kigogo haiwezi kuongezewa hata tone kutoka kwenye fungu. Mtaa unaotisha kuliko yote machoni ndio uliokuwa salama kuliko yote.

Mvua kubwa ziko tatu, na zimo kwenye fungu jingine dogo la karata 12, moja kwa kila siku. Fungu hilo nalitenga mafungu matatu ya karata nne nne, kila moja na mvua kubwa moja ndani yake, nalichanga kila fungu peke yake, kisha nayapanga moja juu ya jingine. Kwa hiyo mvua ya kwanza lazima ije ndani ya siku nne za kwanza, ila huijui siku. Tulipofika raundi ya tatu ilikuwa bado haijaja. Zimebaki karata mbili, mvua ni moja kati ya hizo. Nusu kwa nusu.

Na ikija, pembeni kuna karata sita za maandalizi, nne za raundi mbili zilizopita na ile moja ya chini. Jumla 11, na kuanzia hapo tunafunua tatu kila raundi badala ya mbili. Nafasi ya Kigogo kutoka palepale ni 3 katika 11. Ukizidisha kwa nusu unapata kama asilimia 14, mara moja katika saba hivi.

Mvua ikaja. Tukafunua tatu. Kigogo haikutoka.

Mtu asiyejua atashusha pumzi hapo. Anayejua anahesabu: zimebaki nane juu, na Kigogo imo. Raundi inayofuata ni 3 katika 8, karibu asilimia 38. Ikikosekana tena, zinabaki tano, na nafasi ni asilimia 60. Baada ya hapo zinabaki mbili tu, na Kigogo ni lazima itoke, isipokuwa kama mvua kubwa ya pili itatangulia na kuchanga upya.

Fungu halijafanya kitu. Limekaa pale mezani limefunikwa, na kila raundi linayopita kimya linazidi kuwa zito. Hofu hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta kwa miezi. Inakua kwa sababu ya jambo ambalo halijatokea, na mchezaji anaweza kuitaja kwa maneno, kuibishania, kuigawia nguvu.

Kuhusu yale mafungu matatu, niliwahi kujaribu kuchanga mvua zote tatu kiholela ndani ya karata 12. Usifanye hivyo. Ukihesabu, karibu mara 9 katika 20 angalau mvua mbili zinafuatana bila siku katikati, na mchezo unaisha kabla watu hawajakaa vizuri. Ukizitenga, kufuatana kunatokea mara 1 katika 8, kupitia mipaka ya mafungu tu. Inatosha kuogopesha bila kuua.

## Nguvu tano

Sasa upande wa wachezaji. Kila raundi timu nzima ilikuwa na nguvu tano, vifuniko vitano vya soda ndani ya kibakuli katikati ya meza. Kusogea mtaa mmoja, nguvu moja. Kutoa kifuniko kimoja cha maji, nguvu moja. Kazi ya mtaro, nguvu nne.

Tano kwa watu wanne. Niliipenda namba hiyo tangu mwanzo kwa sababu haigawanyiki.

Raundi 12 zinatoa nguvu 60. Maji yanayoingia mchezo mzima, pamoja na ya maandalizi na ya mvua kubwa, ni kama vifuniko 56. Kukitoa kimoja kunagharimu wastani wa nguvu moja na nusu, kwa kuwa mara nyingine umeshafika pale na mara nyingine bado unatembea. Hiyo ni 84. Ongeza 16 za mitaro. Mahitaji 100, mfuko 60.

Pengo hilo nililikusudia. Likiwa dogo, watu wanatoa maji yote na hawana la kujadili. Likiwa kubwa mno, wanaona mapema kwamba wamekwisha. Pale lilipo, swali la kila raundi linakuwa mtaa gani tuuache ulowe, na nani aseme hivyo kwa sauti.

Nilidhani kibakuli cha pamoja kitaleta mazungumzo. Nilikuwa na picha kichwani ya mchango wa msiba: watu wamekaa, kila mmoja anatazama alichonacho, wanasemezana.

## Kiranja

Huwa naandika kila jaribio kwenye daftari. Usiku ule baada ya kumsindikiza Mama mdogo nililifungua. Kila nguvu iliyotumika nilikuwa nimeandika ni nani aliyeipendekeza.

Kati ya 60, binamu yangu alipendekeza 47. Mimi tisa. Fundi nne.

Mama mdogo hakupendekeza hata moja.

Binamu si mtu wa kukandamiza watu. Ni mhasibu, anapenda hesabu, na hesabu zake zilikuwa sahihi. Alijua karata 11 ziko juu, alijua zipi, akaona njia iliyo bora, akaisema. Nani abishe? Kibakuli ni cha wote, fungu linahesabika kwa wote, ramani iko wazi kwa wote. Kila kitu kikiwa wazi, anayehesabu haraka ndiye anayecheza, na wengine watatu wanakuwa mikono yake.

Kilichoniuma ni hiki: nilichukua neno la mama aliyeyaona maji yakiingia chumbani kwake, nikalifanya kuwa uti wa mchezo, kisha nikamkalisha kwenye kiti ambacho hakikuhitaji kichwa chake.

Na tulishinda. Karatasi ya matokeo ingekuambia mchezo uko sawa.

## Nilivyokosea mara mbili

Kwanza nikaweka muda. Dakika mbili za kuamua, simu ikilia mmeisha. Nilifikiri haraka itamnyima kiranja nafasi ya kupanga kila kitu. Ikawa kinyume. Muda ukibana, watu wanamgeukia anayejua. Binamu alisema peke yake kwa dakika mbili nzima.

Kisha nikakataza maneno. Kimya kabisa, kila mtu anachukua nguvu kutoka kibakulini kwa zamu. Hapo hakuna aliyemtawala mwenzake, lakini pia hakuna aliyekuwa na mwenzake. Fundi alisema alihisi kama yuko kwenye foleni ya benki. Tulicheza raundi sita tukaacha.

Kwa wiki mbili sikugusa kitu. Nilianza kuamini kwamba tatizo ni watu, kwamba kuna wanaoongea na wanaonyamaza, na mchezo hauwezi kuingilia hapo. Hilo ndilo wazo lililonitia mashaka kuliko yote, kwa sababu Mama mdogo si mtu wa kunyamaza. Kwenye vikao vya ndugu yeye ndiye anayesubiriwa amalize ndipo uamuzi uandikwe.

Ikabidi nijiulize vikao vile vina nini ambacho meza yangu haina. Jibu lilikuja kwenye kikao chenyewe, cha mchango wa harusi ya jirani. Mwenyekiti anaomba, daftari linazunguka, na hakuna hata mmoja pale anayejua mfukoni mwa mwenzake kuna nini. Kwa sababu hiyo hawezi kumpangia. Lazima amuulize, kisha asubiri.

Nilikuwa nimeifuata picha ya mchango nusu tu. Niliweka kibakuli nikasahau mifuko.

## Karata mbili mkononi

Nikaondoa kibakuli. Badala yake zipo karata nane ndogo: tano zina alama ya nguvu, tatu ni tupu. Kila raundi zinachangwa na kila mtu anapewa mbili, anaziona peke yake. Nguvu za timu bado ni tano, hesabu ya 60 haijaguswa. Kilichobadilika ni kwamba hakuna ajuaye zimelala kwa nani. Na raundi 3 katika kila 7, kwa wastani, kuna mtu mmoja aliyeshika tupu mbili na hana cha kutoa kabisa.

Mara ya kwanza nilikataza kutaja idadi. Haikushikilia hata nusu saa. "Niko vizuri" ikawa na maana ya moja, "niko vizuri sana" ikawa mbili, na binamu akarudi kwenye hesabu zake. Kukataza watu wazima kusema namba ni kuwaomba watafute namna nyingine ya kuisema, na wataipata.

Kwa hiyo sikukataza tena. Nilibadilisha mpangilio. Mwanzo wa raundi, kabla ya neno lolote, kila mtu anaweka karata yake moja, imefunikwa, pembeni ya mtaa aliopo au ulio jirani. Hata kama ni tupu, anaiweka. Zote nne zinafunuliwa kwa pamoja. Baada ya hapo watu wanaongea watakavyo, wanataja namba, wanabembelezana, ndipo zinachezwa karata za pili.

Nusu ya raundi ni yako mwenyewe. Nusu ni ya kikao.

Hasara ipo na sitaificha. Watu wawili wanaweza kuweka nguvu mahali pamoja panapohitaji moja, na nguvu hiyo imepotea. Binamu aliumia mwanzoni, aliona uharibifu tu. Tumeshindwa michezo mitatu kati ya minne tangu nibadilishe, na ninafikiria kupunguza vifuniko vya maandalizi ili kufidia. Pia kwa watu watatu mpango huu haufanyi kazi: ukiwapa mbili mbili, karata ni sita, tano nguvu na moja tupu, na siri inakuwa nyembamba mno. Hapo sijapata dawa.

## Jumapili iliyopita

Mama mdogo alikuja tena. Sikumwambia nimebadilisha kwa ajili yake.

Raundi ya saba. Mvua ya pili ilikuwa imepita raundi iliyotangulia. Kigogo imejaa vitatu, Jangwani imejaa vitatu, na karata zote mbili zilikuwa kati ya zile za juu. Hakuna aliyesema kitu. Karata zikawekwa. Mimi Kigogo, fundi Kigogo, binamu Kigogo. Mama mdogo akaiweka yake taratibu pembeni ya Jangwani, akainyoosha kwa kidole ilingane na mstari wa mto.

Tukafunua. Kigogo, nguvu mbili na tupu moja. Jangwani, nguvu moja.

"Mama mdogo," binamu akasema, "Kigogo iko mbele. Ikifurika, inamwaga hadi Jangwani. Kwa nini huku?"

"Kigogo nilijua mtakwenda nyote," akajibu. "Jangwani angekwenda nani?"

Binamu akatazama ramani. Nilimwona akihesabu, kisha akaacha kuhesabu. Akauliza, "Ya pili unayo?"

"Ninayo. Lakini sema kwanza wewe unataka kufanya nini."

Wakaongea. Waliongea hadi chai ikapoa, fundi naye ndani yake, na mimi sikuandika kitu kwenye daftari kwa muda mrefu. Mwishowe nguvu yake ya pili ikaenda Jangwani pia. Binamu naye alikuwa na moja, akaiongeza Kigogo.

Tukafunua maji. Tabata. Mchikichini. Hananasif.

Fundi akasema, "Jangwani haikuja."

Mama mdogo hakulitazama lile lililofunuliwa. Alikuwa anatazama fungu lililobaki, lile lililofunikwa, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Bado iko humo," akasema. "Gawa karata."